Baiskeli ya binti: mpya ya 100 au iliyotumika ya 40?

*Fundi, salaam. Binti yangu ana miaka 13 na kimo chake ni sentimita 152. Shule aliyopangiwa iko kilomita 6 kutoka nyumbani, na njiani kuna mlima mmoja mrefu. Nataka kumnunulia baiskeli ya kumfikisha kidato cha nne. Wiki mbili nimezunguka na daftari. Ili hesabu isinichanganye, bei ya duka la kwanza nimeiita 100, na nyingine zote nimezipima kwa hiyo.*

*Duka la kwanza wana ya kike, haina gia, imeshafungwa, ina keria, madigadi, stendi na kifuniko cha cheni. Hiyo ndiyo 100. Duka la pili wanauza 80, ila iko ndani ya boksi na haina hata kimoja cha hivyo, na muuzaji anasema nichukue kubwa kwa kuwa mtoto bado anakua. Duka la tatu ni 90: gia 18, springi mbele na nyuma. Hiyo ndiyo binti anayoililia.*

*Sokoni kwa zilizotumika nimeona mbili. Moja imepakwa rangi upya, inang'aa, 48. Nyingine ni ya kike, haina gia, ina keria na madigadi, lakini cheni imeota kutu na tairi zimepasukapasuka pembeni. Anaitaka 40.*

*Nimeuliza na vipuri: tairi na tyubu yake 6, cheni 4, friwili 4, mipira ya breki na waya zake 4, keria 7, madigadi 6, stendi 3. Kufunga baiskeli ya kwenye boksi ni 5. Mke wangu anasema cha bei rahisi kitatugharimu mara mbili. Wewe unasemaje?*

*Baba Mwenye Daftari*

---

Ndugu Mwenye Daftari,

Laiti wateja wangu wote wangekuja na daftari kama lako, nisingekuwa na mvi hizi. Tuanze kwa kupunguza. Mbili kati ya hizo tano ziondoe leo hii, zikuachie nafasi ya kufikiri.

Ya springi mbele na nyuma, mwache binti alie siku mbili tatu. Kwa bei ya chini hivyo, springi ni uzito tu. Kila anapokanyaga pedeli akipanda mlima, sehemu ya nguvu yake inaishia kuibonyeza springi badala ya kusukuma gurudumu. Springi ya nyuma pia inachukua nafasi ya keria, kwa hiyo begi la vitabu litakaa mgongoni kilomita 6 asubuhi na 6 jioni. Na viungio vya springi vikianza kulegea, na vitalegea, vipuri vyake hutavipata kwa kila fundi.

Iliyopakwa rangi upya nayo iache. Inawezekana kabisa ni nzuri, lakini rangi mpya imefunika mambo mawili unayohitaji kuyaona: nyufa za fremu, na namba ya fremu iliyogongwa kwenye chuma, mara nyingi chini ya ekseli ya pedeli. Mtu hapaki rangi baiskeli anayokusudia kuiuza bila sababu. Pengine sababu yake ni njema. Ila gharama ya kuigundua usiilipe wewe.

Sasa ya kwenye boksi, na maneno ya yule muuzaji. Kwa kimo cha sentimita 152, gurudumu la inchi 26 lenye fremu fupi ya kike linamtosha sasa na litamtosha miaka minne ijayo, kwa sababu kiti kinapanda juu kadiri miguu inavyorefuka. Bomba la kiti lina alama ya mwisho wa kuvuta. Mradi alama hiyo haijatokeza nje, uko salama. Ukimnunulia kubwa leo, atapanda akiwa hafiki chini, na siku gari litakapomkaribia atashindwa kusimama bila kuruka. Kipimo ni rahisi: akae kitini, aweke kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Akisha kukaa hivyo, ncha za vidole vya miguu yote miwili ziguse ardhi. Kwa anayeanza safari ya barabarani mimi huteremsha kiti kidogo zaidi, hata kama goti litabaki limekunjika, mpaka azoee. Mpime yeye mwenyewe juu ya baiskeli, usikubali kupimiwa kwa umri.

Bei yake ya 80 nayo ina udanganyifu ambao daftari lako limeshaufichua, hukujumlisha tu. Anza na 80, ongeza keria 7, madigadi 6, stendi 3, na kufunga 5. Umefika 101, na kifuniko cha cheni bado, kitu ambacho msichana mwenye sketi ya shule atakihitaji kila siku. Maana yake duka la pili ni ghali kuliko la kwanza, na juu ya hapo unabeba hatari ya ufungaji.

Hiyo hatari naijua vizuri kwa sababu inanipa kazi. Pedeli ya kushoto ina nyuzi zinazokaza kinyume, yaani unaikaza kwa kuzungusha upande ambao kwa nati ya kawaida ungekuwa unailegeza. Kijana mwenye haraka huilazimisha, nyuzi za kranki zinaliwa, na baada ya wiki chache pedeli inang'oka mtoto akiwa amesimama juu yake. Nimeona pia foku iliyofungwa mbele nyuma, baiskeli ikaonekana nzima kwa mtu asiyejua: mikono ya foku inapindia nyuma badala ya mbele, na usukani hautii ipasavyo. Kwa hiyo duka la pili nalo lipumzike.

Zimebaki mbili: ya 100 na ile mbaya mbaya ya 40. Nitakaa zaidi kwa hii ya pili, maana ndiyo iliyokuleta kwangu.

Kutu kwenye cheni na tairi zilizopasuka zinatisha macho, lakini ni vitu vya kununua na kubadilisha. Muuzaji aliyeziacha hivyo amekufanyia hisani, hajaficha kitu. Usichoweza kubadilisha kwa bei ya maana ni fremu, foku na ringi. Rudi sokoni mchana kweupe ukiwa na kitambaa, chupa ya maji na futi ya kupimia, na umchukue binti. Kagua vya ghali kwanza. Ukikuta kosa kwenye fremu huna haja ya kuchungulia cheni, aga uondoke.

Futa vumbi pale bomba la chini la fremu linapoungana na bomba la usukani, kisha pitisha kidole upande wa chini. Baiskeli iliyogonga ukuta au gari kwa mbele hujikunja hapo hapo. Utahisi kimvimbe au mkunjo, na rangi yake itakuwa imepasuka kama mistari ya kiganja. Kisha simama pembeni, hatua tatu hivi, uiangalie foku. Sehemu yake ya juu ifuate mstari mmoja na bomba la usukani, halafu ipinde mbele taratibu kuelekea chini. Ikiwa inaonekana imesukumwa nyuma, gurudumu likikaribia fremu, ilishagonga kitu. Lolote kati ya haya mawili linamaliza mjadala hata akiishusha bei hadi 20. Kuna watakaokuambia foku inanyooshwa. Inanyooshwa kweli, lakini chuma kilichopindishwa mara mbili sikipi mtoto wa mtu akashukie nacho mlima.

Baadaye inua gurudumu moja moja ulizungushe, ukitazama nafasi kati ya ringi na mpira wa breki. Ringi ikiyumba milimita mbili au tatu kushoto na kulia, hiyo ni kazi ya kukaza spoku, jambo la nusu saa. Ikiwa inaruka juu na chini, au ina bonde mahali ilipopigwa na jiwe, hainyooki vizuri tena. Bana spoku mbilimbili kwa vidole kuzunguka gurudumu zima. Zote ziwe na mkazo unaofanana, na ukikuta mbili tatu zimekatika nyuma, jua gurudumu hilo lilibeba mizigo. Mimi kubadilisha ringi na spoku za gurudumu la nyuma pamoja na kulisuka ningekutoza kama 14 kwa kipimo chako. Iandike pembeni, tutaihitaji.

Chupa ya maji ni kwa ajili ya breki. Ringi za zamani nyingi ni za chuma kilichopakwa kromu, na kromu ikilowa mpira wa breki unateleza juu yake kama sabuni. Mwagia ringi zote mbili maji, mwambie binti aendeshe polepole hapo uwanjani, ashike breki. Baiskeli itachukua mwendo mrefu zaidi kusimama kuliko ilipokuwa kavu, hilo ni la kawaida. Ikiwa haisimami kabisa, jaribu mipira mipya kwanza. Ikishindikana, basi ringi za aluminiamu ndizo dawa, na hapo hesabu inabadilika. Binti yangu mwenyewe alijifunza somo hili kwenye mtaro siku ya mvua, akatoka na goti lililochubuka na hasira kwangu ya mwezi mzima.

Viungio vya gololi vinapimwa kwa kutikisa. Shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma: ukisikia kugonga kwenye bomba la usukani, vikombe vimelegea. Shika kranki, si pedeli, uivute kushoto na kulia, kisha fanya hivyo kwa kila gurudumu. Kulegea kidogo kunakazwa. Ukihisi inakwaruza kama kuna mchanga ndani wakati wa kuzungusha, gololi zimekula vikombe vyake, na bei ya kazi inapanda.

Cheni utaibadilisha kwa vyovyote, ila ipime kwa faida ya kujua jingine. Kati ya pini moja na pini ya 24 mbele yake, cheni mpya ina milimita 305. Ikifika 308 imevutika mno, na kwa kawaida meno ya friwili yameshaliwa kuifuata. Ukiweka cheni mpya juu ya meno ya zamani, itaruka kila anapokanyaga kwa nguvu, hasa mlimani. Ndiyo maana mimi navihesabu viwili hivyo pamoja. Angalia na meno ya mbele: yakiwa na umbo la ndoana badala ya mlima mdogo wenye pande mbili sawa, nayo yamekwisha.

Kabla hujaandika 12 ya tairi mbili, soma ubavuni mwa zile za zamani. Inchi 26 si saizi moja, na wauzaji wengi wa vipuri hawalijui hilo au hawana muda wa kukueleza. Baiskeli za kike za mtindo wa zamani mara nyingi huvaa 26 x 1 3/8, ambayo kwa milimita huandikwa 37-590. Zile za mtindo wa milimani huvaa 26 x 1.75, yaani 47-559. Namba ya mwisho ndiyo kipenyo cha mahali tairi inapokalia ringi, na tofauti ya milimita 31 hailazimishiki kwa spana wala kwa mate. Nakili namba hizo, kisha uulize kama saizi hiyo inapatikana karibu nawe kwa urahisi. Ikiwa ni adimu, pancha kubwa moja itamweka binti nyumbani siku nne.

Sasa tuhesabu, tukichukulia fremu, foku na ringi zimefaulu. Bei 40, tairi na tyubu mbili 12, tumefika 52. Cheni na friwili 8, ni 60. Mipira na waya za breki 4, ni 64. Kufungua ekseli zote, kuosha, kubadilisha gololi na kupaka grisi, weka 8. Jumla 72, na ni baiskeli ambayo kila kinachozunguka ndani yake kimeguswa na mkono wa fundi. Ringi ya nyuma ikiwa imekwisha, ongeza ile 14, unakuwa 86.

Mstari wangu mimi nauchora kwenye 75. Juu ya hapo nanunua mpya, kwa sababu kile kidogo kinachobaki ndicho bei ya kuwa na kila kipande kipya na mtu wa kurudi kwake pedeli ikilia. Chini ya hapo nachukua iliyotumika. Mkeo hajakosea: ya 40 ikigeuka 86 itakuwa imewagharimu zaidi ya mara mbili. Amekosea tu ikiwa ukaguzi utakwenda vizuri.

Kuna jambo dogo la kuongeza ili usidhani unaokoa 28 nzima. Daftari lako linaonyesha kuwa sokoni baiskeli iliyotunzwa kidogo inauzwa kati ya 40 na 48. Tuseme ya 100 utaiuza 40 binti akimaliza kidato cha nne: itakuwa imekula 60. Ile ya 72, ikiwa imezeeka zaidi, tuseme utaiuza 25: imekula 47. Tofauti halisi ni kama 13. Kama 100 unayo mfukoni leo bila kukopa, kununua mpya si ujinga. Kama huna, ya 72 si baiskeli ya kimasikini.

Na kwa kuwa friwili inabadilishwa, tumia nafasi hiyo kwa ule mlima. Baiskeli zisizo na gia mara nyingi huja na friwili ya meno 18. Mwambie fundi akuwekee ya meno 20, bei haina tofauti kubwa. Kila mzunguko wa pedeli utasogeza baiskeli kidogo pungufu, kama sehemu moja ya kumi, na kupanda kutakuwa kwepesi kwa kiasi hicho hicho. Kwenye tambarare atazungusha miguu haraka kidogo, hataona shida. Lifanye kabla cheni haijakatwa urefu wake.

Kuhusu muuzaji: omba risiti ya kwanza ya baiskeli, au angalau maandishi yenye jina lake, sahihi, tarehe na namba ya fremu, na namba hiyo uisome wewe mwenyewe kwenye chuma. Ukikuta imefutwa kwa tupa, usiulize swali la pili. Akiwa na namba na hana risiti, mwandikiane mbele ya shahidi anayemfahamu. Anza kumpa 33, ukimwonyesha tairi na cheni, maana hizo hawezi kuzibishia. Akikomea 36, umepata ahueni ya kununulia kufuli nzuri.

Binti akiipata, aende nayo njia yote ya shule siku ya mapumziko, begi likiwa na vitabu na limefungwa kwenye keria, wewe ukiwa nyuma yake. Sikiliza mlima. Cheni ikiruka au kranki ikigonga, itakuwa hapo. Baada ya wiki mbili irudishe kwa fundi akaze waya za breki, maana waya mpya huvutika, na apitishe spana kwenye kranki zote mbili.

Ukifika sokoni ukakuta imeshauzwa, usishawishike na ile inayong'aa iliyobaki. Nenda duka la kwanza na 100 yako, na kabla hujalipa waambie wafungue pedeli ya kushoto mbele yako na kuirudisha kwa mkono. Ikiingia bila spana mizunguko mitatu minne ya mwanzo, nyuzi ni nzima.

Fundi